Ndagala mara tatu

Mdogo wangu, anayesoma sekondari huko kwetu Kigwena, alinionyesha aya hii katika daftari lake:

"Ndagala huvuliwa usiku usio na mbalamwezi. Wavuvi huvuta ndagala kwa mwanga wa taa. Asubuhi wanawake huanika ndagala mchangani."

Mwalimu alipigia mstari neno linalorudiwa. Mdogo wangu akaweka "dagaa" katika sentensi ya pili na "kitoweo" katika ya tatu. Sasa msomaji asiyelijua Ziwa Tanganyika atadhani wavuvi wanatafuta samaki wa aina mbili. Na kitoweo ni cha kulia ugali. Kilichoanikwa mchangani bado hakijafika huko.

"Dada, kuna neno gani jingine?" akaniuliza.

Halihitajiki. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi ya kubeba nomino iliyokwisha kutajwa, kwa silabi moja tu:

"Ndagala huvuliwa usiku usio na mbalamwezi. Wavuvi huwavuta kwa mwanga wa taa. Asubuhi wanawake huwaanika mchangani."

Sentensi ya pili imekaa vizuri, kwa kuwa mbele yake hakuna wengine isipokuwa ndagala. Ya tatu ilimchekesha mdogo wangu: "Basi ni baba anayeanikwa!" Baba yetu ni mvuvi. Samaki, kwa kuwa ni kiumbe hai, huchukua upatanisho uleule wa watu, kwa hiyo -wa- ya "huwaanika" inaweza kushika ndagala au wavuvi, na wavuvi ndio waliotajwa karibu zaidi. Taa zisingeleta shida hiyo, maana zenyewe zingedai "huzianika".

Njia moja ni kuwaondoa wavuvi: "Huvutwa kwa mwanga wa taa, na asubuhi wanawake huwaanika mchangani." Hapo -wa- haiwezi kuwa wanawake wenyewe, kwani wangekuwa "hujianika". Lakini mdogo wangu hakukubali kumfuta baba kwenye kazi yake, nami nilimwelewa. Tukaacha sentensi ya pili kama ilivyo, na ya tatu ikawa: "Asubuhi wanawake huwaanika samaki hao wadogo mchangani."

"Samaki" peke yake lingekuwa pana mno, kwa kuwa mukeke na sangala nao ni samaki. "Hao" linarudisha macho nyuma, na "wadogo" linawatenga na wavuvi na samaki wakubwa. Tena ni maelezo ya kweli kwa wakati huo, pale mchangani, jambo ambalo "kitoweo" hakikuwa nalo.

Aya iliyofuata ilihusu bei ya mukeke na ya ndagala sokoni Rumonge. Humo nilimwambia aandike ndagala kila anapowataja, hata mara nne, kwa sababu "hao" wa samaki wa namna mbili hawajulikani ni wapi.