Kambi, Kimbweta au Chumbani: Nilivyochagua Njia ya Kuingia kwenye Data

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza huniamkia "shikamoo" wakinikuta kwenye vimbweta, wakidhani mimi ni mhadhiri. Siwalaumu. Nina miaka 34, nina mtoto wa darasa la pili, na kwa miaka saba kabla ya kuja hapa nilikuwa afisa mikopo kwenye Saccos. Sasa nasoma uzamili wa takwimu kwa ratiba ya jioni, muhula wa nne, nikitafuta kuhamia sayansi ya data.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja niliyefanya naye kazi alinipigia. Naye amechoka na dawati la mikopo. "Dada," akasema, "Python ipo bure mtandaoni, kambi za mafunzo zinamaliza kila kitu kwa wiki 16, wewe umekwenda kukaa darasani miaka miwili. Kwa nini?" Nilimjibu juu juu, maana nilikuwa nawahi testi. Jibu lenyewe ni hili.

Mimi nilianzia chumbani, kwa kujisomea. Januari 2023 nilinunua laptopu ya mkononi na bando, nikajiwekea saa mbili kila usiku mtoto akishalala. Mwezi wa kwanza ulikuwa Python tu. Wa pili SQL, lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata. Wa tatu nikaingia kwenye modeli nikitumia data ya abiria wa meli ya Titanic, ile yenye mistari 891 ambayo kila anayeanza anaipitia: unampa kompyuta umri, jinsia na daraja la tiketi, nayo inakisia nani alipona.

Miezi ile mitatu ilinifundisha jambo moja la thamani, kwamba kazi hii naipenda hata upande wake usiopendeza. Sehemu kubwa ya muda haiendi kwenye modeli. Inakwenda kusawazisha tarehe zilizoandikwa kwa namna tano tofauti, na kugundua kwamba "Moro" na "Morogoro" ni mji mmoja. Kuna watu wakifika hapo wanakata tamaa. Ni afadhali ukate tamaa ukiwa umepoteza pesa ya bando kuliko ukiwa umeshalipa ada.

Baada ya hapo niliomba ruhusa kwa meneja wangu nitumie kumbukumbu za mikopo yetu, majina na namba za simu zikiwa zimefutwa. Nilipata mikopo 4,200 ya mwaka 2015 hadi 2021, yote ya miezi 12. Kati ya hiyo, 336 ilikuwa chechefu, yaani asilimia 8. Lengo langu lilikuwa kutabiri mapema mkopaji yupi atashindwa marejesho.

Modeli ya kwanza ilinipa usahihi wa asilimia 92. Nilifurahi hadi nilipoangalia majibu yenyewe. Ilikuwa inasema kila mtu atalipa! Kama wanaolipa ni 92 katika kila 100, hata ukimweka mtu pale aseme "huyu atalipa" mchana kutwa, atapatia mara 92. Lakini hatakamata hata mkopo mmoja chechefu. Kosa hilo nililiona mwenyewe na nikajiona nimekomaa.

Modeli ya pili ilifika asilimia 98, na safari hii ilikuwa inawakamata wasiolipa karibu wote. Niliiweka kwenye wasifu wangu, nikaomba kazi, na Agosti nikaitwa kwenye usaili wa kampuni moja inayokopesha wafanyabiashara wadogo. Nilieleza vizuri, na slaidi zikapita. Mwishoni mama mmoja wa makamo kwenye jopo akaniuliza kwa upole tu: "Dada, safu gani inaisaidia zaidi modeli yako?"

Nikajibu: "Faini, mama. Na siku za kuchelewa."

"Sawa. Siku unamwidhinishia mteja mkopo, faini yake huwa shilingi ngapi?"

Nilinyamaza. Siku ya kuidhinisha, faini ya kila mteja ni sifuri, kwa sababu hajaanza hata kulipa. Faini huja baadaye, akishachelewa. Modeli yangu haikuwa inatabiri chochote. Ilikuwa inasoma yaliyokwisha kutokea na kunirudishia, kama mtu anayedesa mtihani akiwa na karatasi ya majibu. Kosa hili ni la kawaida mno kwenye fani. Taarifa za baadaye zinavuja na kuingia kwenye data ya mafunzo, na dalili yake kubwa ni matokeo mazuri kupita kiasi. Kilichoniuma ni kwamba mimi nilikuwa afisa mikopo. Nilijua faini inaingizwa lini kuliko mtu yeyote mle chumbani. Ila kwa miezi nane hakuna aliyenikalia mbele na kuniuliza.

Kazi sikupata. Usiku ule nilirudia, na marekebisho yenyewe yalikuwa mistari mitatu:

```python
safi = mikopo.drop(columns=["faini", "siku_za_kuchelewa"])
mafunzo = safi[safi["mwaka"] <= 2019]
jaribio = safi[safi["mwaka"] > 2019]
```

Mstari wa kwanza unatoa safu zinazojulikana baadaye. Miwili inayofuata inaifanya modeli ijifunze kwa mikopo ya zamani na ijaribiwe kwa mipya, kama itakavyotumika kazini. Mikopo ya majaribio ilikuwa 1,200, chechefu 96. Niliiambia modeli inipe mikopo 120 inayoitilia shaka zaidi. Ndani yake kulikuwa na chechefu 31. Ningeokota 120 kwa kufumba macho, ningepata kama 10. Kwa hiyo ilikuwa inasaidia, lakini ile asilimia 98 haikurudi tena.

Sasa nikawa na swali la pesa. Nilikuwa na akiba ya milioni 5 na nusu niliyoiweka kwa ajili ya kiwanja. Kambi ya mafunzo ilikuwa milioni 2 na laki 4, uzamili milioni 6. Ukitazama hivyo tu, kambi ni nafuu zaidi ya nusu. Lakini kambi ile ilikuwa ya kutwa, Jumatatu hadi Ijumaa kwa miezi minne, na mwajiri wangu asingenilipa nikiwa sipo. Mshahara wangu ulikuwa laki 7 kwa mwezi, kwa hiyo ningekosa milioni 2 na laki 8. Gharama halisi ya kambi ilikuwa milioni 5 na laki 2, yote ndani ya miezi minne, halafu nianze kutafuta kazi mfukoni sina kitu. Uzamili wa jioni ulikuwa milioni 1 na nusu kwa muhula, na mshahara unaendelea kuingia. Ndugu yangu, ukilinganisha njia hizi, usisome ada peke yake. Hesabu na mshahara utakaouacha.

Sisemi kambi ni mbaya. Wenzangu wawili walipitia ileile niliyoiacha. Mmoja alikuwa na shahada ya hisabati na alikuwa mwalimu wa sekondari. Uwezekano na kalkulasi alikuwa navyo kichwani, alichokosa ni zana na mtu wa kumsukuma. Wiki 16 zilimtosha, na miezi michache baadaye alipata kazi. Wa pili alitoka kwenye masoko kama mimi nilivyotoka kwenye biashara. Takwimu kule zilipewa wiki mbili. Alitoka anaandika msimbo kwa kasi kunizidi, lakini akiulizwa kwa nini amechagua modeli hii na si ile, anasema ndiyo iliyotoa namba kubwa. Mradi wake wa mwisho ulikuwa Titanic, sawa na wa nusu ya darasa. Waajiri wameiona meli ile ikizama mara nyingi mno.

Kwa hiyo swali langu halikuwa njia ipi ni bora. Lilikuwa: mimi nina pengo gani, na nani ataliona? Zana nilishazipata chumbani. Nilichokosa ni takwimu, pamoja na mtu wa kukataa kazi yangu. Muhula wa kwanza hapa nilipeleka ile 31 kati ya 96 kama zoezi, nikijivuna. Mhadhiri akairudisha na swali moja kwa kalamu nyekundu: ingekuwa miaka mingine miwili, na chechefu wengine 96, bado ungepata 31? Nilikaa kwenye kimbweta na kalamu nikapiga hesabu. Kiwango changu kilikuwa asilimia 32, lakini kwa watu wachache kiasi kile, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 23 na 42, yaani watu 22 hadi 40. Hata 22 ni zaidi ya mara mbili ya kubahatisha, hivyo modeli inafaa. Ila simwahidi tena meneja namba moja. Namwambia "kati ya hapa na hapa", na naweza kueleza kwa nini.

Shahada nayo ina mapengo yake, tusidanganyane. Data tunazopewa darasani zimeoshwa, hakuna "Moro" wala "Morogoro". SQL tumeigusa wiki moja tu. Ningekuja bila ile miezi ya chumbani ningehitimu najua nadharia na sijui kuchota data. Hadi leo Jumamosi asubuhi najisomea.

Na kiwanja sijanunua. Akiba imeishia kwenye ada, mshahara ni uleule, na cheo bado ni afisa mikopo. Kilichobadilika ni kwamba tangu Februari kamati yetu ya mikopo inapitia orodha yangu kabla ya kuidhinisha, na kila aliyetiliwa shaka anatembelewa kwenye biashara yake kwanza. Hakuna anayenyimwa kwa sababu ya orodha peke yake, hilo nililisisitiza mwenyewe.

Kwa hiyo mdogo wangu, jibu lako. Jisomee miezi mitatu kwanza, kwa data ya kazini kwako, si Titanic. Ukiona hesabu unazo na kinachokuchelewesha ni zana na uvivu wa usiku, nenda kambini, ila uwe na akiba ya kula miezi kadhaa baada ya kumaliza. Ukiona unapata namba nzuri usizoweza kuzitetea, njoo huku. Na vyovyote utakavyochagua, tafuta mtu mmoja wa kukuuliza swali la yule mama kabla hujalikuta kwenye usaili.

Mimi nipo vimbweta vya nyuma ya maktaba, Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni. Njoo na jedwali lako. Shikamoo si lazima.