Simu Kabatini

Binti ana miaka 27, anaishi na baba yake Tabata, na digrii yake ya uhasibu ipo kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati la nguo. Mama alifariki zamani. Kaka mkubwa yuko Mwanza na familia yake. Kwa hiyo nyumbani ni mzee, binti na simu, na katika hao watatu mzee alikuwa na uhakika kwamba yeye ndiye wa mwisho.

Mzee ni mstaafu wa reli. Alianza kazi akiwa kijana, akazunguka vituo vidogo vidogo vya reli ya kati, vile ambavyo treni ikipita usiku abiria hata hawajui kama wamepita kituo. Kwake kazi ina mambo matatu: unatoka nyumbani asubuhi, una bosi, na mwisho wa mwezi kuna mshahara unaojulikana. Binti yake hana hata kimoja. Anaamka saa kumi alfajiri anaondoka, saa tatu amesharudi na mfuko wa nguo mgongoni, halafu siku nzima ameinamia simu. Anacheka nayo, anainong'oneza, muda mwingine anaipiga picha gauni iliyoning'inizwa dirishani. Ukimsalimia anajibu "marahaba" wakati yeye ndiye mtoto. Hiyo ilitokea kweli, na mzee hakuisahau.

Sasa tuseme ukweli wa hiyo simu. Binti anauza magauni ya mtumba. Saa kumi na moja yupo Karume, kwa sababu belo likifunguliwa wale wa kwanza kuchagua ndio wanaopata nguo, wanaofuata wanapata vitambaa. Kuchagua kwanza bei yake iko juu. Gauni ambalo saa nne utalipata kwa elfu mbili, alfajiri atauziwa elfu nne, na anatoa bila kubishana sana maana muuzaji akimkasirikia kesho hatamwita belo likifika. Wiki nzuri anachukua magauni 40, hiyo ni laki moja na sitini. Anafua, anapiga pasi, anapima kifua, kiuno na urefu kwa futi ya fundi, anapiga picha kabla jua halijawa kali, anaweka stetasi.

Hapo ndipo kazi inaanza. Stetasi inakaa saa 24 tu. Kila gauni liko moja, hakuna saizi nyingine wala rangi nyingine, na anayelipia kwanza ndiye anayechukua. Mtu akiuliza "ipo?" ukachelewa kumjibu dakika kumi, ameshahamia kwa muuzaji mwingine. Mwingine anasema "nitunzie nalipa jioni", ukimtunzia jioni haonekani. Wapo pia wanaotuma meseji ya muamala iliyotengenezwa, jina lipo, kiasi kipo, hadi nukta ziko mahali pake, lakini pesa haipo. Binti alishaliwa gauni mbili hivyo mwaka wake wa kwanza. Siku hizi haangalii meseji, anaangalia salio kwanza ndipo anampa bodaboda mzigo. Kila jambo hapo linafanyika kwenye skrini. Ukimwangalia kutoka kwenye kochi unaona mtu anachati.

Katika yale 40, kwa kawaida 30 yanatoka kwa elfu kumi na mbili. Kumi yanayobaki anayatupia kwa elfu tano ili pesa isilale. Jumla laki nne na kumi. Toa mtaji, toa kama elfu thelathini na tano za bando, mifuko na nauli ya alfajiri, inabaki laki mbili na kumi na tano. Si kila wiki. Kuna wiki ya mvua ambayo hata nusu haiishi. Lakini kosa lake ni moja: hizi hesabu hakuwahi kumwonyesha mzee. Alijiambia kwamba mzee anamwonea aibu, kwamba watu wakimuuliza "binti yako yuko wapi siku hizi" anabadilisha mada. Kweli alikuwa anabadilisha mada. Sababu haikuwa aibu, alikuwa hajui ajibu nini.

Na mzee naye alikuwa na lake. Mchana binti akiwa sokoni au kwenye mizigo, alikuwa anampigia. Hana jambo, anataka tu kujua amekula. Simu inaita mpaka inakata. Akituma meseji ndefu, na yeye huandika kama barua, anaanza na "Mwanangu mpendwa" na anamaliza na jina lake, jibu linakuja dole gumba. Dole tu! Baada ya muda akaacha kupiga. Binti akaona mzee amenuna kwa sababu ya ajira.

Ijumaa ile ndiyo ilivunja chungu. Mzee alikuwa amemwalika rafiki yake wa zamani, mtu ambaye ana mtoto wa dada yake kwenye ofisi moja inayotafuta karani wa hesabu. Mkataba wa mwaka, mshahara si mbaya. Hakumwambia binti mapema, alitaka iwe kama zawadi. Alimwambia tu, "Mama, leo kuna mgeni, pika pilau."

Siku hiyohiyo binti alikuwa na oda ya Morogoro, magauni sita ya kijani kwa ajili ya kichenpati ya Jumamosi. Sita ya rangi moja kwenye mtumba ni wiki mbili za kutafuta. Mteja alishatuma elfu hamsini ya kutangulia, iliyobaki angetuma akiona picha ya risiti ya basi. Bodaboda alitakiwa kuja saa nane, aufikishe mzigo stendi ya Magufuli, Mbezi. Geti lao halina kengele. Bodaboda akifika hupiga simu.

Saa saba na robo simu ilikuwa inachaji sebuleni, inatetemeka juu ya meza kama mbuzi aliyefungwa. Mgeni ameshakaa. Mzee akaichukua, akaizima, akaiweka kwenye kabati la vyombo nyuma ya sufuria ya wageni. Binti alipoingia na sinia akauliza kwa macho. Mzee akasema, "Simu ipo. Kaa kwanza."

Akakaa. Wewe ungefanyaje, mgeni wa baba yako ananawa mikono? Akajua ni dakika kumi. Lakini mgeni alianzia mbali, akaanza na habari za mwaka walipofurikiwa Kilosa na reli ikasombwa, akapitia watu wote waliokufa, ndipo akafika kwenye ukarani. Binti anaitikia "ndiyo mzee", huku anahesabu saa ya ukutani. Ikafika saa tisa na nusu ndipo mgeni akaomba maji ya kunywa ya mwisho.

Simu ilipowashwa kulikuwa na simu 14 za mteja na tano za bodaboda, ambaye alisimama nje ya geti mita ishirini kutoka kwenye pilau, akaondoka. Mteja alikuwa tayari ameweka skrinishoti kwenye grupu la wanunuzi: jina la duka, namba, na maneno "Jihadharini na huyu, tapeli, kala elfu hamsini kazima simu." Binti akakimbia na mzigo mwenyewe hadi Mbezi, akiwa bado na kanga ya kupikia. Akiwa njiani mteja akajibu kwamba wameshanunua vitambaa, arudishiwe pesa yake. Akarudisha hamsini yote na ya kutolea juu. Mteja akashukuru. Skrinishoti ikabaki palepale, na wengine walishaituma mbele.

Alirudi usiku. Akasema maneno ambayo kwenye nyumba ile hayakuwahi kusemwa kwa sauti ile. "Baba, umenifukuzisha kazi." Mzee akasema kazi ilikuwa mezani inakula pilau. Binti akaenda chumbani, akarudi na daftari kubwa la kurasa nyingi, akalitupa, ndiyo, akalitupa kwenye kochi, akafunga mlango wake.

Mzee alivaa miwani kwa hasira, atafute kosa. Daftari lilikuwa limechorwa mistari kwa rula. Safu ya kwanza saa mteja alipouliza, ya pili saa alipojibiwa, ya tatu saa pesa ilipoingia, ya nne saa mzigo ulipotoka na nani kaubeba. Kurasa na kurasa. Chini ya kila mwezi kuna matumizi, na kila mwezi kuna mstari mmoja: "LUKU, nyumbani, 20,000." Mzee miaka miwili alikuwa anamshukuru Mungu kwa kijana wa Mwanza, maana umeme ulikuwa haukatiki na yeye hanunui. Kumbe binti alikuwa anaziingiza zile namba ishirini kwenye kiboksi mwenyewe, usiku, mzee akiwa amelala.

Asubuhi alimkuta binti jikoni. Hakuomba msamaha, wazee wa aina yake hawana hilo neno karibu. Alimweleza kitu ambacho hakuwahi kumweleza. Reli yao ilikuwa njia moja, treni mbili haziwezi kupishana katikati ya pori. Kabla ya kuachia treni, unapiga simu kituo cha mbele, unauliza njia iko wazi? Ukijibiwa, unaandika saa kwenye kitabu, ndipo unampa dereva karatasi yake. Usipojibiwa, treni haiondoki. Usiku mmoja yeye alikuwa upande wa kujibu, akatoka nje kuota moto na walinzi. Simu ikaita kwenye chumba kitupu. Treni ya abiria ikakaa kituo cha nyuma dakika arobaini, na yeye akapata barua ya onyo ambayo anayo mpaka leo.

"Miaka yote ile nilikuwa nakaa na simu," akasema. "Mama yako alikuwa analalamika hivihivi."

Binti hakusema kitu kwa muda. Halafu akauliza, "Kwa nini ulikuwa unanipigia mchana halafu unaacha?"

"Nilidhani nakukera."

Magauni ya kijani yalikaa wiki tatu. Manne yaliuzwa kwa bei ya hasara, mawili bado yapo. Wateja wa lile grupu wengine hawajarudi. Barua ya ukarani binti hajaiandika wala hajaikataa, na kila baada ya siku mbili mzee anauliza, "Na ile?" Binti anajibu, "Naifikiria, baba," na safari hii anaifikiria kweli, kwa sababu Januari watu hawanunui magauni.

Jumanne iliyopita binti alikuwa anaoga, simu ikaita mezani. Mzee akaitazama, akaitazama, akapokea. Mwanamke akauliza lile gauni la maua bado lipo? Mzee akaangalia saa ya ukutani, akavuta daftari, akaandika saa nne na dakika kumi na mbili kwenye safu ya kwanza.

"Usikate," akamwambia. "Naulizia mbele."