Barua kwa Mdogo Wangu Juu ya Shirika

Kwa ndugu yangu mpenzi,

Waraka wako umewasili, nami nimefahamu ya kuwa wewe unazo shilingi 6,000,000, na sahibu yako anazo 3,000,000, na kwamba mwataka kufungua duka moja la kanga hapo Tanga, yeye akae dukani nawe ufuate mali Mombasa.

Uaminifu wake siutilii shaka. Ninalolihofia ni kimya chenu, kwani hamjaandikiana lolote. Fahamu kwamba washirika wasipopatana vingine, sheria ya nchi huwagawia faida na hasara nusu kwa nusu, hata kama rasilimali zao hazilingani, wala haimpi ujira yule anayeshinda dukani. Mkipata hasara ya 1,800,000, wewe utabeba 900,000 naye 900,000, ilhali kwa hukumu ya fiqhi hasara hufuata rasilimali, yaani 1,200,000 kwako na 600,000 kwake. Kila mmoja wenu atadhani anadhulumiwa, na kila mmoja atakuwa na hoja. Tena akikopa korja kwa tajiri wa jumla kwa jina la duka, tajiri ana haki ya kukudai wewe deni zima, hata kwa kiwanja alichotuachia marehemu baba.

Kufanya biashara peke yako nako kuna taabu zake, maana kila usafiripo mlango utafungwa, au utamwachia kijana wa mshahara ambaye hana uchungu na mali. Lakini deni utakalolipa litakuwa lako mwenyewe.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: shirika liahirisheni, umpe kwanza sahibu yako korja 5 kwa mudharaba, ndizo doti 50, auze mpaka Idi. Faida mgawane kwa sehemu mtakayoitaja mapema, tuseme theluthi mbili kwako na theluthi moja kwake, wala usimwahidi kiasi maalumu. Na hasara isiyotokana na uzembe wake iwe juu yako, naye apoteze jasho lake. Siku ya hesabu msitazame fedha kwanza, hesabuni doti. Ikiwa 31 zimeuzwa taslimu na 12 zi rafuni, basi 7 zimekopeshwa, na majina ya waliokopa sharti yawe daftarini pamoja na tarehe. Akikuonyesha majina hayo bila ya kuulizwa, hata kama wengine ni watu wa barazani kwake wasiolipa upesi, huyo ni mtu wa kushirikiana naye, na hati nitawaandikia mimi. Akikujibu kuwa zimekwisha tu, chukua zilizobaki, mpe haki yake, kisha ufungue duka lako.

Mweleze shauri hili mbele ya shemeji yako, asije akadhani umemfanyia siri. Fedha zilizosalia ziache benki mpaka hesabu ya Idi ifungwe.

Wasalaam,
Dada yako