Kwa mpwa wangu, kuhusu moto wa Jumamosi Kuu

Bariadi, 12 Machi 2026

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia kwamba umechaguliwa kwenye kamati ya liturujia hapo Zagayu, na kwamba Padre atakuwa kwenu siku zote kuu mwaka huu. Mguu wangu bado hauniruhusu kupanda pikipiki, basi nakuandikia yale ambayo ningekuonyesha kwa kidole.

Jumapili ya Matawi, tarehe 29, haitakusumbua. Watoto wataleta ukindu kutoka bondeni, na asiyepata atakata tawi lolote la kijani. Kusanyikeni mbali kidogo na kanisa, kwa sababu maandamano yanayoanzia mlangoni si maandamano. Waambie watu watunze matawi yao nyumbani, maana ndiyo yatakayochomwa kupata majivu ya Kwaresima ijayo.

Alhamisi Kuu, hesabu hostia kwa makini. Ijumaa Kuu hakuna Misa. Padre hageuzi mkate siku hiyo, na watu hukomunika kwa hostia zilizowekwa wakfu jana yake. Sasa, Alhamisi ni siku ya kazi na watu huwa wachache, lakini Ijumaa hata wale wa mashamba ya mbali hufika. Mwaka mmoja nilihesabu kwa kuangalia mabenchi ya Alhamisi. Tulikuwa watu 140, nikaongeza 140 nyingine za kesho, nikaridhika. Ijumaa wakaja kukomunika zaidi ya 200, na Padre akawa anamega vipande vidogo kama ukucha. Wewe andaa za Alhamisi, kisha mara moja na nusu yake kwa ajili ya Ijumaa. Zikibaki hazipotei, zinahifadhiwa.

Ijumaa yenyewe ibada ni saa tisa alasiri. Altare iko tupu, haina hata kitambaa, na Padre huingia kimya, akalala kifudifudi. Wanakwaya watashawishika kuimba hapo, wazuie. Tena usiruhusu watu wabanane wakati wa kuabudu Msalaba, kwa kuwa wazee ndio huumia. Nyumbani bibi yako atakuwa na matobolwa yake mchana, na mlo kamili ni mmoja tu, baada ya ibada. Ukimwona anakuangalia kwa jicho la pembeni, ujue umeshaonja.

Jumamosi ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Mkesha hauanzi kabla ya usiku kuingia. Zamani uliadhimishwa Jumamosi asubuhi, watu wakiimba habari za usiku huku jua linawaka, mpaka Papa Pio wa 12 alipourudisha usiku katika miaka ya 1950. Nami nilirudia kosa lilelile. Mawingu yalikuwa mazito, nikamshauri Padre tuanze saa kumi na mbili na nusu tuwahi mvua. Moto ukawashwa mchana kweupe, ukaonekana kama wa mtu anayechoma mahindi. Mshumaa wa Pasaka uliingia kanisani bila mtu kuuona. Na mvua haikunyesha!

Safari hii anzeni saa mbili kasorobo. Pasaka huangukia Jumapili baada ya mwezi mpevu, na mwaka huu Jumamosi hiyo mwezi utakuwa umeanza kupungua na utachelewa kutoka. Mtawasha moto gizani kabisa, mwezi utachomoza mkiwa kwenye masomo, na watu watarudi makwao wakiona njia. Masomo ni tisa. Padre akiyapunguza sawa, ila lile la kuvuka Bahari ya Shamu haliachwi kamwe.

Kuni zikusanye wiki hii, uziweke darini jikoni kwa bibi, kwa sababu kuni za masika hutoa moshi tu. Uwashe nusu saa kabla, ili Padre anapofika pawepo na makaa ya chetezo. Mafuta ya taa usimimine; nyusi zangu unazijua. Mshumaa ukizimwa na upepo kabla ya mlango, rudini kuuwasha kwenye moto uleule, si kwa kiberiti cha mfukoni.

Jambo la mwisho ni ile rimu ya gari mnayoigonga kama kengele. Ikishapigwa kwenye Utukufu wa Alhamisi, inanyamaza mpaka Utukufu wa Mkesha. Lakini mzee anayeigonga amezoea, na Jumamosi asubuhi mkono wake utakwenda wenyewe. Alhamisi usiku mwombe ile nondo, ukalale nayo wewe.

Mjomba wako