Pumzi na Kesha la Kawangware

Aliyenifundisha taamuli ya Kibudha alikuwa fundi wa cherehani, Mganda mtu mzima, mwenye kibanda karibu na steji ya 56 pale Kawangware. Kabla ya kuja Nairobi alikuwa amekaa kwenye kituo cha Wabudha cha Entebe, kile alichokianzisha Bhante Buddharakkhita mwaka 2005. Huyo Bhante ni Mganda pia. Alikutana na Ubudha alipokwenda kusoma India, na mwaka 2002 akapewa utawa huko Kalifonia na U Silananda, mtawa wa Kiburma. Majirani walidhani dini hiyo ni ya Wachina wa kwenye sinema, na Fundi hakubishana nao.

Mimi nilikuwa na chumba cha mabati katika ploti iyo hiyo. Jioni, Fundi akishafunika cherehani, tuliketi kwenye mkeka, mgongo wima, macho yamefumbwa.

Alianza na samatha, yaani utulivu. Kazi yake ni moja tu: akili inapewa mahali pamoja pa kukaa, na kwetu palikuwa penye tundu za pua, hewa inapogusa ikiingia na kutoka. Akili ikitoroka kwenda kwenye kodi ya nyumba, unairudisha bila kuigombeza. Ikishatulia, pumzi huwa nyembamba, mwili huwa mwepesi, na tamaa, chuki na wasiwasi hukaa kimya. Fundi alinionya kuhusu usingizi, kwa maana nao huja kwa upole uo huo. Dalili zake alizijua vizuri: kichwa kinainama, na ukiulizwa pumzi ya mwisho ilikuwa ndefu au fupi, huna jibu. Aliyetulia kweli anajua.

Niliupenda utulivu ule kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho wakati huo, nikamwambia Fundi nimefika.

"Hapana, kijana wangu," akasema. "Hapo hata Budha alipita."

Akanisimulia jinsi Sidharta, kabla hajawa Budha, alivyosoma kwa walimu wawili, Alara Kalama na Udaka Ramaputa. Wote wawili walimfikisha kwenye vina vya utulivu ambavyo wachache huvifikia. Akawaacha. Alikuwa anatafuta mwisho wa mateso, na utulivu huyatuliza mateso kwa muda tu. Ukiinuka kwenye mkeka, mizizi bado iko. Ni kama maji ya matope kwenye ndoo: yakiachwa yanakuwa meupe, lakini tope liko chini, na atakayeitikisa ndoo atalifufua.

Katika ploti yetu atakayeitikisa hakukosekana. Ijumaa moja kanisa la jirani lilikuwa na kesha, na spika ilielekezwa ukutani kwangu. Niliishika pumzi, ikaponyoka. Nikaishika tena, hasira ikapanda. Ndipo Fundi akanielekeza vipasana, taamuli ya kuona mambo yalivyo. Alinitaka niiache pumzi na nichunguze chochote kinachojitokeza, nikitaje kimoyomoyo, kisha nitazame kinavyokwenda.

Kwanza nikataja "kusikia". Ngoma, niliyoisikia kama ukuta mmoja wa kelele, ikawa mapigo: kila pigo linazaliwa na kufa kabla ya jingine. Kisha nikaona kutopenda, kitu tofauti kabisa na sauti. Baadaye joto kifuani, taya zimekaza. Mwisho wazo, "hawa watu hawana adabu", na kila lilipokuja joto lilipanda upya. Nilipolitazama wazo lenyewe, joto likapungua, likaisha, huku spika ikiendelea vilevile. Sikuwa nimeiamuru hasira ije wala iende. Ilikuja kwa sababu zake na kuondoka zilipokwisha.

Ndicho vipasana inachokitafuta: mtu aone mwenyewe, katika mwili na akili yake, kwamba vitu havidumu, kwamba kung'ang'ania kisichodumu kunaumiza, na kwamba ndani ya mtiririko huo hakuna "mimi" anayeuendesha. Akiona hivyo mara nyingi, mkono wa kung'ang'ania unalegea, na mateso yanakatwa kwenye shina. Hatari yake ni kuhubiri badala ya kuona. Mara kadhaa nilimweleza Fundi kwa ufasaha kwamba kila kitu hupita, naye akaniuliza swali moja: "Sasa hivi, kipi kinapita?" Nisipokuwa na jibu la papo hapo, alijua nilikuwa nikiwaza tu.

Hakuitupa samatha. Akili iliyotawanyika haioni pigo moja moja, inaona fujo. Kwa hiyo alinifundisha kuanza na pumzi mpaka akili ishikane, ndipo nifungue uangalizi, na nikizidiwa nirudi puani. Kesha lililofuata hasira ilikuja tena, lakini safari hii niliiona ikiwa bado kwenye taya, wazo la adabu halijazaliwa.