Ankara au Mshahara

Ofisa wa kampuni ya kutafutia watu kazi alinipigia nikiwa maktaba. Nafasi ilikuwa Dodoma, kukusanya na kuchambua takwimu za mradi, malipo milioni moja na laki mbili kwa mwezi. "Ni ya muda mrefu, dada yangu," alisema. Tangazo lenyewe liliandika "muda wote", maneno yanayoeleza saa za kazi tu, si lini kazi inaisha.

Mama alikuwa tayari kukopa kwenye kikoba chake anilipie kodi ya miezi sita. Mkopo unarudishwa kwa miezi kumi. Ilinibidi nijue kazi ni ya miezi mingapi, na kuuliza niliona aibu, kama mchumba anayeulizia mahari kabla hajakaribishwa ndani.

Swali la kwanza nilikosea. Niliuliza, "Ni ajira ya kudumu?" Akajibu, "Ukifanya vizuri, mkataba unahuishwa." Hapo hakuna ndiyo wala hapana.

Usiku nilisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inatambua mkataba usio na kikomo, wa kipindi maalumu, na wa kazi maalumu. Zaidi ya hapo kuna mtoa huduma, ambaye si mwajiriwa kabisa. Asubuhi niliandika upya, bila neno kudumu:

"Shikamoo kaka. Samahani kwa usumbufu. Mkataba nitasaini na nani, ninyi au mradi? Una tarehe ya mwisho? Nitalipwa mshahara wenye makato ya NSSF, au nitaleta ankara?"

Swali la makato ndilo gumu kulikwepa. Mwajiriwa anakatwa asilimia 10 ya NSSF na mwajiri anaongeza 10, kwangu jumla laki mbili na arobaini elfu kila mwezi, pamoja na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mtoa huduma anakatwa kodi ya zuio asilimia 5, elfu sitini tu, kwa hiyo mkononi anaonekana tajiri. Likizo hana, akiba hana, na hesabu za mwisho wa mwaka na mamlaka ya kodi ni zake mwenyewe.

Jibu lilikuja jioni. Ningesaini nao, si na mradi. Miezi sita. Ankara.

Hakukasirika hata kidogo. Aliongeza kwamba wengi hawaulizi, nami sijui bado kama ilikuwa sifa au lawama.

Nilimwomba mambo mawili: tarehe ya mwisho iandikwe kwenye mkataba, na malipo yapande nijichangie NSSF mwenyewe. La kwanza alikubali. La pili anaulizia.

Mama nimemwambia asikope. Nikienda, nitaanzia kwa shangazi, Chang'ombe ya hukohuko Dodoma, kwenye kochi lake.