Jokofu la Dada Yangu

Nataka nikupeleke sebuleni mwa dada yangu mkubwa, hapa Kizuka, mahali ambapo palisimama jokofu na sasa pamebaki alama nne sakafuni.

Jokofu lile liliuzwa mjini Rumonge kwa faranga 1,200,000 taslimu. Dada hakuwa nazo. Alitoa kitangulizi cha 300,000, akakubali kulipa 115,000 kila mwezi kwa miezi 12. Alipima ukubwa wa awamu moja tu, akaona anaiweza. Mimi nilikuja kufanya hesabu baadaye: awamu zote ni 1,380,000, na pamoja na kitangulizi ni 1,680,000. Nyongeza ni 480,000. Wala usiigawe kwa bei ya jokofu, kwa maana alichokopeshwa hasa ni 900,000, na deni hilo hupungua kila mwezi. Kwa wastani wa mwaka alidaiwa karibu nusu yake, kwa hiyo nyongeza inakaribia kulingana na deni lenyewe.

Alilipa awamu nane bila kukosa. Lakini mume wake huvua ndagala kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu ya kuwakusanya samaki. Siku ya malipo haikujali mwezi wa angani. Awamu mbili zikampita, na ndipo kifungu ambacho hakukisoma kikaamka: faini kwa kila awamu iliyochelewa, deni lote lililosalia kudaiwa kwa mara moja, na muuzaji kuchukua mali yake. Nasema mali yake, kwa sababu mkataba ulimwacha muuzaji kuwa mwenye jokofu hadi faranga ya mwisho. Dada alikuwa mkodishaji aliyeahidiwa kumiliki.

Walipolibeba, alikuwa amekwisha kulipa 1,220,000, zaidi ya bei ya taslimu.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1968 kuhusu mauzo ya namna hii inasema kwamba mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei yote, muuzaji hawezi kuichukua mali ila kwa kufungua kesi. Theluthi mbili ya 1,680,000 ni 1,120,000. Dada alikuwa ameivuka. Ila sheria ya jirani haivuki mpaka pamoja na bidhaa, na mkataba wake haukuwa na neno kama hilo.

Basi, kabla hujatia sahihi, omba bei mbili ziandikwe kwenye karatasi moja, ya taslimu na ya jumla. Omba kiandikwe kiwango cha malipo ambacho baada yake jokofu halichukuliwi bila hakimu. Na kama riziki yako hutoka ziwani, omba siku chache za ziada baada ya mbalamwezi. Muuzaji akikataa yote matatu, umeshajua utatendewaje siku utakapochelewa.